"Return back": neno la ziada lisilodhuru na lile linalodhuru

Kazi yangu ni kuhariri Kiingereza cha watu ambao lugha yao ya kwanza si Kiingereza, na "return back" hainipiti hata wiki moja. Neno "return" lilitoka Kifaransa cha kale, na ile "re-" ya mwanzo tayari ina maana ya kurudi. Ukiongeza "back" umelisema jambo mara mbili.

Simlaumu mwandishi. Kiingereza chenyewe husema "go back", "come back", "give back", "bring back", kwa sababu vitenzi hivyo vya asili havina maana ya kurudi mpaka viongezewe "back". Mtu aliyezoea vinne akikutana na cha tano atakivika nguo ileile. Tena sisi tumezoea kusema "panda juu", "shuka chini" na "ingia ndani", na hakuna anayetusahihisha. Kwenye mazungumzo naiacha "return back" ipite, maana hakuna anayeelewa vibaya. Kwenye barua ya kuomba kazi naifuta, kwa kuwa msomaji mkali atalitazama kosa badala ya barua.

"Repeat again" ni habari nyingine. Wengi huifuta bila kufikiri. Niliwahi kuhariri maelekezo ya kusafisha kifaa: hatua ya 2, suuza kwa maji safi, hatua ya 4, "repeat step 2", hatua ya 6, "repeat step 2 again". Hapo "again" si ya ziada. Inamwambia msomaji kwamba huu ni mrudio wa pili, yaani kifaa kinasuuzwa mara tatu kwa jumla. Ukiifuta, mtu anayesoma haraka atadhani hatua ya 6 ni ya 4 iliyochapwa mara mbili kwa bahati mbaya, naye ataishia mara mbili. Lakini kama hakuna mrudio uliotangulia, "again" inamfanya atafute hatua asiyoiona. Nikikuta hivyo sipimi sarufi; nahesabu mara. Ikibidi naandika idadi yenyewe waziwazi.

"Free gift" nayo ina ukoo wa heshima kuliko watu wanavyodhani. Imo katika Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James ya 1611, Warumi sura ya 5, na pale "free" inakazia kwamba kilichotolewa hakikulipiwa wala kustahiliwa. Matangazo ya biashara yameirithi kwa kazi nyingine. Tangazo likisema "free gift" kisha mstari mdogo chini ukadai ununue kitu kwanza, hapo tatizo si neno kurudiwa. Zawadi ina sharti, na "free" inalificha. Kufuta "free" hakutoshi. Sharti ndilo ninalolipandisha juu, kwenye sentensi ileile.