Uwiano wa kura na hofu ya serikali kuanguka

"Mfumo wa uwiano si ndio unaojaza bunge vyama vidogo, kisha serikali zinaanguka ovyo?"

Si lazima. Katika mfumo huo chama hupata viti kulingana na sehemu yake ya kura, lakini kwanza tazama kizingiti, yaani asilimia ya kura ambayo chama sharti kifikishe ndipo kigawiwe viti. Uturuki ilipopiga kura Novemba 2002 ilitumia uwiano, lakini kizingiti kilikuwa asilimia 10 ya kura za nchi nzima. Vyama viwili tu vilivuka. AKP ilipata asilimia 34 hivi ya kura, ikaondoka na viti 363 kati ya 550, karibu theluthi mbili. DYP, kwa asilimia 9.5, haikuambulia hata kiti kimoja. Zaidi ya kura 40 katika kila 100 zilipotea bure. Kwangu mimi, hiyo ni bei kubwa mno ya kununulia utulivu.

Ujerumani ilichagua kizingiti cha asilimia 5, ikaongeza sharti jingine: bunge haliwezi kumwondoa kansela bila kumchagua mrithi wake katika kura hiyohiyo. Angela Merkel aliongoza miaka 16, tena muda wote kwa serikali za muungano. Uingereza, ambako anayeongoza jimboni ndiye mbunge, ilikuwa na mawaziri wakuu watatu mwaka 2022 pekee.

Hofu yenyewe haikuzuka hewani, maana Israeli, yenye kizingiti cha asilimia 3.25, ilifanya chaguzi tano kati ya Aprili 2019 na Novemba 2022.