Breki za moto na tairi la ndege

"Si ndege imeshatua salama na tairi hazijapasuka, sasa inasubiri nini hapo si iondoke tu?"

Inasubiri breki, maana moto wake haujafika kileleni bado. Breki inashika joto kwanza, halafu joto linatambaa taratibu kwenda kwenye rimu na tairi, kwa hiyo rimu inaweza kuendelea kupanda joto nusu saa nzima ndege ikiwa imepaki. Ndani ya rimu kuna vizibo vidogo vyenye madini laini, joto likizidi vinayeyuka na naitrojeni iliyojaa kwenye tairi inatoka, tairi linakaa chini bila kulipuka. Watu wanaona tairi limelala wanasema limepasuka, kumbe kizibo kimefanya kazi yake vizuri kabisa.

Kwa Airbus A320 rubani anasoma joto la breki kwenye skrini, na feni za kupoza breki zikiwa zimezimwa, joto likipita nyuzi 300 haruki. Akiruka hivyo gia, yaani miguu ya ndege yenye tairi, inaingia ndani na moto wake, oili ya haidroliki ikivuja hapo inaweza kuwaka, na akilazimika kukatisha kuruka akiwa spidi kubwa breki zilizochemka tayari hazina nafasi ya kubeba joto lingine.