Skripti ya menyu ya simu ya buking, na kwa nini nimeacha kusema "kesho"

Kazi yangu ni kuandika na kuseti menyu za sauti za simu, zile za "bonyeza moja, bonyeza mbili", na za hoteli ndo nimefanya nyingi zaidi. Watu huniletea skripti iliyoandikwa vizuri kwenye karatasi, sentensi zimenyooka kabisa, ila ukiisikia kwenye simu unachoka kabla hata ya namba ya kwanza. Shida ni kwamba imeandikwa kwa ajili ya macho, na mpigaji ana sikio tu, hawezi kurudi mstari wa juu akasoma tena.

Kitu cha kwanza ninachogeuza ni mpangilio wa sentensi. Wengi huandika "bonyeza moja kuweka nafasi". Mpigaji anasikia "moja" wakati bado hajui ya nini, anaitupa, afu akishasikia "kuweka nafasi" anaanza kujiuliza ilikuwa namba gani. Geuza: kazi kwanza, namba mwisho, ili namba iwe ndo kitu cha mwisho kilichobaki sikioni. Menyu yangu ya mchana iko hivi, kwenye mabano ni kimya:

"Asante kwa kupiga simu, hapa ni kitengo cha kuweka nafasi. (sekunde 0.5) Kuweka nafasi mpya ya chumba (0.4) bonyeza moja. (1) Kubadilisha au kufuta nafasi uliyoweka (0.4) bonyeza mbili. (1) Kwa mikutano na sherehe (0.4) bonyeza tatu. (1) Kuongea na mapokezi (0.4) bonyeza sifuri. (6)"

Jina la hoteli linaingia baada ya "simu". Machaguo ni manne na nagoma kuongeza la tano. Ile "tafadhali sikiliza kwa makini kwani machaguo yetu yamebadilika" naikata bila hata kumuuliza mwenye hoteli. Na angalia sijatumia nne wala nane kabisa, kwa sababu simu ya kawaida inapitisha sauti ya kati ya hertzi 300 na 3400 hivi, kwa hiyo kwenye laini mbovu "nne" na "nane" zinakaribiana mno. Sita na tisa nazo watu wanazichanganya, herufi ni zilezile, s na t zimebadilishana nafasi tu.

Sasa kimya. Kile cha 0.4 kabla ya "bonyeza" kinamwambia mtu namba inakuja, na kile cha sekunde 1 kinampa nafasi ya kuamua "hii ndo yangu au siyo". Ukivifuta, machaguo yanamwagika kama mtu anasoma orodha ya majina shuleni. Ila kinachoharibiwa sana ni kile cha mwisho, cha 6. Wengi wanaweka 3 kwa sababu wanatest kwa simu ya mezani ambayo vitufe viko mbele yao. Mpigaji wa simu ya mkononi lazima aitoe sikioni, asubiri skrini iwake, afungue vitufe, ndo abonyeze, na nikipima kwa saa mwenyewe inanichukua sekunde 4 mpaka 5 bila haraka. Ukimpa 3, anabonyeza wakati menyu imeshaanza kujirudia, anadhani amekosea, anabonyeza tena.

Kwenye Asterisk, programu ya kuendesha simu za ofisi, inakuwa hivi:

```
[hoteli]
exten => s,1,Answer()
 same => n,Wait(1)
 same => n,GotoIfTime(08:00-19:59,*,*,*?mchana,s,1)
 same => n,Goto(usiku,s,1)

[mchana]
exten => s,1,Background(salamu)
 same => n,Background(machaguo)
 same => n,WaitExten(6)
 same => n,Background(machaguo)
 same => n,WaitExten(6)
 same => n,Goto(0,1)
```

Chini yake zinafuata mistari ya 1, 2, 3 na 0, pamoja na `i` ya aliyebonyeza namba isiyokuwepo, kisha `[usiku]` yenye ujumbe wa usiku. `Wait(1)` ipo kwa sababu mara nyingi sauti ya mwanzo humezwa wakati laini inaunganishwa, ndo maana unasikia hoteli zinazojibu "...sante kwa kupiga". `Background` inamruhusu mtu kubonyeza katikati ya maneno, lakini ukiweka `Playback` inabidi asikilize mpaka mwisho hata kama anaijua menyu kwa moyo. Na asiyebonyeza chochote mara mbili anapelekwa kwa mtu, hakatiwi simu, maana huyo mara nyingi anaendesha gari au hajaelewa.

Nikaja kujifunza kwenye ujumbe wa usiku, tena kwa aibu. Hoteli moja niliyoifanyia kazi ilikuwa na hii, na niliirekodi mimi mwenyewe: "Ofisi yetu imefungwa kwa sasa. Tafadhali piga tena kesho saa mbili asubuhi." Fupi, ina adabu, nikaipenda. Mgeni mmoja ndege yake ikachelewa, akapiga saa saba na nusu usiku kuomba chumba chake kisiachiwe. Akasikia imefungwa, akakata, akaenda kulala kwingine, na asubuhi hoteli ikamwandika hakutokea na ikamkata pesa ya usiku wa kwanza. Kumbe mapokezi pale chini kulikuwa na mtu macho usiku kucha! Kilichofungwa ni meza ya buking tu. Tulipofungua rekodi za simu tukakuta yake ilidumu sekunde 11, yaani alisikiliza mpaka nukta ya mwisho.

Na hiyo "kesho" ni mtego mwingine. Anayepiga saa tatu usiku anaielewa, ila anayepiga saa nane usiku, kesho yake ni ipi? Wengine wanasubiri siku nzima zaidi. Ila "asubuhi" usiifute, kwa sababu tunafungua saa mbili na tunafunga saa mbili. Toleo la Kiingereza nalo lilitafsiriwa neno kwa neno, saa mbili asubuhi ikawa mbili yao, wageni wakawa wanapiga saa nane usiku.

Siku hizi naandika hivi:

"Asante kwa kupiga simu. (0.5) Kama umeshaweka nafasi na unafika usiku huu, au uko hotelini sasa (0.4) bonyeza sifuri, mapokezi wapo. (1.5) Meza ya kuweka nafasi hufunguliwa kila siku saa mbili asubuhi. (1) Ukitaka tukupigie (0.4) bonyeza moja, kisha utuachie jina, namba ya simu, siku ya kuingia na siku ya kutoka. (1) Tafadhali usitaje namba ya kadi yako. (6)"

Mwenye haraka nimemweka mwanzo, kwa sababu ndo atakayekata mapema. Ile ya kadi usiione ni urembo, watu huzitaja kweli, zinabaki kwenye faili la sauti ambalo yeyote pale ofisini anaweza kulifungua.

Ukimaliza kuseti, piga mwenyewe saa moja na dakika 58 jioni, afu piga tena saa mbili na dakika 1. Ukisikia menyu ileile mara zote mbili, angalia saa ya seva kabla hujagusa skripti, nyingi huja zimewekwa UTC, saa ya kimataifa, siyo ya hapa kwetu.