Umemuuzia ndugu kwa bei ya chini: marekebisho ya bei yanavyofanyika

Malalamiko yanayotufikia sisi wa mamlaka ya kodi siku hizi kuhusu marekebisho ya bei kati ya kampuni zinazohusiana, yaani kodi kuhesabiwa kana kwamba zimeuziana kwa bei ya soko, yanafanana mno. "Hatujaficha kitu, ankara zote mnazo, na mwaka huo tulipata hasara. Kodi inatoka wapi?" Wengi wanaouliza hivyo ni walipakodi waaminifu, na ndiyo maana inafaa hesabu yenyewe ionekane.

Chukua kampuni tanzu inayotengeneza nyaya za shaba. Kwa mwaka mzima iliiuzia kampuni dada iliyo nchi nyingine roli 40,000 kwa dola 80 kila moja. Roli hizohizo, miezi ileile, iliziuza kwa mnunuzi asiyehusiana nayo kwa dola 100. Neno "miezi ileile" nimeliweka makusudi: bei ya shaba hupanda na kushuka, na kulinganisha ankara ya Machi na ya Oktoba ni kujidanganya.

Kosa la kwanza, ambalo hata mkaguzi mwenye haraka hulifanya, ni kusema pengo ni dola 20. Bei mbili hazilinganishwi mpaka masharti ya mauzo yalinganishwe. Mnunuzi wa nje aliletewa mzigo hadi bandari yake, nauli na bima zikiwa ndani ya bei, dola 6 kwa roli; kampuni dada iligharamia usafiri yenyewe. Toa 6, inabaki 94. Mnunuzi wa nje alipewa siku 90 za kulipa, kampuni dada siku 30. Siku 60 za ziada, kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka ambayo kampuni yenyewe inakopea benki, juu ya ile bei ya dola 100, ni dola 1.50. Inabaki 92.50.

Halafu huja hoja tunayoletewa kila wiki: "Dada ananunua mzigo mkubwa, lazima apate punguzo." Sawa, lakini punguzo la kiasi gani? Kampuni ilidai asilimia 10. Orodha yake ya bei kwa wateja wa nje wanaonunua kiasi hichohicho ilionyesha asilimia 2.5. Tunakubali ile inayothibitika, yaani dola 2.50, si ile iliyoandikwa kwenye barua baada ya ukaguzi kuanza. Bei ya soko ikawa dola 90.

Pengo ni dola 10 kwa roli, jumla dola 400,000, zinazoongezwa kwenye mapato yanayotozwa kodi ya kampuni tanzu. Ilikuwa imetangaza hasara ya dola 250,000. Sasa ina faida ya dola 150,000, na hiyo ndiyo inayotozwa. Hasara haikuwa kinga. Sehemu ya hasara hiyo ilitengenezwa na bei.

Naomba pia tuachane na hoja ya "hatukukusudia". Kanuni ya bei ya watu wasiohusiana, iliyo katika kifungu cha 9 cha mkataba kielelezo wa shirika la OECD na ule wa Umoja wa Mataifa, ambayo nchi huifuata zinapotiliana mikataba ya kodi, haiulizi nia. Nia huulizwa tunapofika kwenye adhabu, na hapo ndipo nyaraka zilizoandaliwa wakati wa mauzo husaidia. Viwango vya adhabu hutegemea sheria ya kila nchi, kwa hiyo soma hati yako ya makadirio: kodi, riba na adhabu huandikwa mistari tofauti, na pingamizi dhidi ya mstari mmoja si pingamizi dhidi ya yote.

Usikimbilie kufuta ankara za zamani na kutoa mpya. Marekebisho haya hufanyika kwenye hesabu ya kodi. Roli zilishauzwa kwa 80 na vitabu vitaendelea kusema 80. Dola 400,000 zimebaki kwa kampuni dada, na baadhi ya nchi huzihesabu kama gawio lililotolewa kwa njia ya mlango wa nyuma, kisha hudai kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye gawio linapolipwa, juu yake.

Kampuni dada nayo ilishatozwa kwa faida iliyotokana na kununua kwa 80, kwa hiyo dola zilezile zinatozwa mara mbili. Dawa ni nchi yake kupunguza mapato yake kwa kiasi kinacholingana, lakini hailazimiki kufanya hivyo kwa sababu tu sisi tumerekebisha. Inapaswa kukubali kwamba 90 ni bei sahihi. Isipokubali, na kama kuna mkataba wa kuepuka kutozwa kodi mara mbili, mlipakodi huomba mamlaka husika za nchi zote mbili zikae zikubaliane.

Mikataba mingi inayofuata kielelezo cha OECD hutoa miaka 3 ya kuwasilisha ombi hilo, tangu taarifa ya kwanza ya hatua inayosababisha kutozwa mara mbili. Hapa ndipo watu wanapoumia. Mhasibu mmoja alituletea ombi zuri, lenye viambatisho vyote, baada ya kushughulikia pingamizi la ndani kwa miaka 4. Alidhani pingamizi linasimamisha saa. Halisimamishi, mpaka mkataba wenyewe au sheria iseme hivyo. Angeweza kuwasilisha yote mawili mwezi uleule.