Degedege, na kwa nini muuguzi alimpima mwanangu kwa utepe

"Kamwene daktari. Mwanangu wa miaka minne alipatwa na degedege, nikamkimbiza kituo cha afya huku Kilolo. Muuguzi hakutafuta mzani, alimlaza akamnyooshea utepe wa rangi. Kwa nini asiniulize tu umri akakadiria?"

Kamwene mama. Dawa ya kukata degedege hutolewa kwa kilo za mtoto, na anayetetemeka hawezi kupandishwa kwenye mzani. Umri nao hutoa makadirio: kwa miaka 1 hadi 5 tunazidisha umri kwa 2, tunaongeza 8. Wa miaka minne anapata kilo 16. Shida ni kwamba hesabu hiyo inamchukulia kila mtoto kuwa amekua sawasawa na miaka yake. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa mkoa wetu wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Inaniuma, maana mahindi na maharage tunavuna wenyewe.

Tuseme mwanao ana urefu wa sentimita 92. Utepe, ambao hauulizi umri bali hukadiria kilo kwa urefu, unamweka kwenye rangi ya njano, kilo 12 hadi 14. Tuchukue 13. Diazepamu ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa ni miligramu 0.5 kwa kilo, kwa hiyo anahitaji miligramu 6.5. Kwa hesabu ya umri angepewa 8, na dawa hii ikizidi hudhoofisha upumuaji.

Lakini utepe nao una namna yake. Mtoto alazwe chali, ncha yenye mshale mwekundu ikae utosini, magoti yanyooshwe, na rangi isomwe penye kisigino. Degedege hukaza miguu, vidole vikaelekea chini. Anayesoma hadi kwenye vidole huongeza sentimita nane au zaidi. Hapo mwanao anafika 100, anaangukia rangi nyeupe ya kilo 15 hadi 18, na tumerudi kwenye kosa lile lile.

"Na mtoto aliyekonda sana?"

Hapo utepe hudanganya, kwa sababu unaona urefu tu. Aliyekonda ana kilo chache kuliko rangi inavyosema. Ukiona mbavu zimejitokeza na ngozi ya makalio imelegea, mwambie mhudumu, ili asitegemee rangi peke yake.

"Kadi ya kliniki ina msaada wowote?"

Mkubwa sana, mama. Kilo zilizoandikwa mwezi uliopita zinashinda utepe na umri, mradi mtoto hajakonda tangu hapo. Ukimbebapo mtoto, beba na kadi, na utaje tarehe ya kipimo cha mwisho. Kama ni ya mwaka jana, sema hivyo, maana kwa kipimo cha zamani kiasi hicho tutarudi kwenye utepe. Degedege ikishatulia, apimwe kwenye mzani, na dawa zinazofuata zihesabiwe upya kwa kilo hizo.