Kwa nini muuguzi anaangalia sahani ya mgonjwa wako kabla haijaondolewa

Ndugu wa wagonjwa wamekuwa wakilalamika kwamba wauguzi wa wodi walikolazwa wazazi wao "wanakagua masufuria". Hakuna anayekagua upishi wa mtu. Muuguzi anataka kuona mabaki, kwa sababu bila mabaki hawezi kujaza chati ya chakula.

Chati hujazwa kila baada ya mlo, kabla chombo hakijaoshwa. Muuguzi huandika saa, alichopakuliwa mgonjwa, kisha sehemu iliyoliwa kwa robo: 0, 25, 50, 75 au 100. Kila chakula huandikwa peke yake, ugali mbali, maharage mbali, mboga mbali. Pembeni huandikwa sababu ya kubakiza: kichefuchefu, vidonda vya mdomo, chakula kimepoa, hakuna wa kumlisha. Mwisho ni saini. Mgonjwa aliyezuiwa kula kwa ajili ya upasuaji huandikiwa 0 na sababu yake. Kisanduku kitupu si sifuri, maana yake ni kwamba hatujui. Muuguzi anayejaza asilimia za kubuni mwisho wa zamu ameandika kumbukumbu ya uongo, na hilo ni kosa la kitaaluma linaloweza kumfikisha mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Ndugu hawaadhibiwi kwa lolote. Tunachowaomba ni ukweli tu.

Na ukweli si "amekula vizuri". Jibu hilo tunalisikia kila siku na halitusaidii. Amekula nini, na kimebaki nini? Mkimpakulia vijiko vitatu kutoka kwenye hotpoti akavimaliza, sahani itakuwa nyeupe, lakini hajala mlo. Na mjukuu akimalizia wali wa babu, chati itasema babu amekula.

Tuchukue mgonjwa wa kilo 50. Kwa makadirio ya kilokalori 30 kwa kila kilo ya uzito, anahitaji kama 1,500 kwa siku. Tuseme uji wa asubuhi una 150, chakula cha mchana 700, na cha jioni 650. Uji ameumaliza wote, mchana amekula nusu, jioni robo. Anayejumlisha 100, 50 na 25 kisha akagawa kwa tatu atapata asilimia 58 na kuona mgonjwa amevuka nusu. Sasa hesabu chakula chenyewe: 150 za uji, 350 za mchana, na kama 160 za jioni. Jumla ni 660, yaani asilimia 44. Uji mwepesi umeipandisha asilimia bila kumshibisha mtu. Na kama nusu aliyobakiza mchana ndiyo yenye maharage, protini imeshuka zaidi ya hapo, ndiyo maana vyakula haviandikwi kwa pamoja.

Siku moja ya namna hiyo haitutishi, kwa kuwa hata mtu mzima wa afya hukosa hamu ya kula. Tunatazama siku tatu mfululizo. Zikibaki chini ya nusu, afisa lishe anaitwa, na safu ya sababu ndiyo inayomwonyesha pa kuanzia. Mwenye vidonda vya mdomo atapewa vyakula laini visivyo na pilipili wala ndimu, na mwenye kichefuchefu atapewa milo midogo ya mara kwa mara. Mizani huchelewa kutupa habari hii. Mgonjwa aliyevimba miguu anaweza kukonda huku uzito wake haujashuka, kwa sababu maji yamechukua nafasi ya nyama.

Kuna wanaotuambia, "Lakini ametundikiwa dripu." Jamani, dripu si chakula. Lita nzima ya maji ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari, takribani kilokalori 170 hadi 200, na haina protini hata chembe. Ni karibu sawa na ule uji wa asubuhi.

Jambo la mwisho linahusu wale wanaoambiwa kwamba mgonjwa wao hali chakula, kisha jioni wanarudi na pilau, kuku mzima na juisi. Kama chati inaonyesha hajala au amekula kidogo sana kwa zaidi ya siku tano, subirini. Mwili uliokaa na njaa ukipata wanga mwingi kwa ghafla huvuta fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu na kuziingiza kwenye seli, na moyo unaweza kuvurugika. Daktari huagiza vipimo vya damu na vitamini B1, kisha chakula huongezwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Muulizeni muuguzi wa zamu kiwango cha siku hiyo kabla ya kufungua hotpoti.