Bosi Hahitaji Kujua Umeharisha Mara Ngapi

Wiki hii nimeletewa tena taarifa ya ugonjwa iliyosimulia kuharisha hatua kwa hatua, na mwandishi wake nilipomuuliza sababu akajibu: "Nisipoeleza vizuri mtasema nadanganya." Nimechoka kuisikia kauli hiyo. Kinachothibitisha ugonjwa ni cheti cha daktari. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na ya pili kwa nusu mshahara, na mwajiri halazimiki kulipa iwapo cheti hakikuletwa. Insha ya tumbo haiongezi hata siku moja.

Ujumbe wenyewe, nikiacha yale ya chooni, ulimalizika hivi: "Wamenipa siku tatu. Nitarudi nikipata nafuu, mniombee."

Hapo ndipo ninapokereka. Siku tatu kuanzia lini? Aliyeonwa na daktari Jumatatu jioni baada ya kazi huenda akahesabu kuanzia Jumatatu au Jumanne, na msimamizi wake akahesabu kinyume chake, kisha siku moja ikaandikwa kuwa ya utoro. Nafuu nayo haina tarehe, na msimamizi hawezi kupanga zamu kwa kutegemea nafuu. Andika siku ya kwanza, siku ya mwisho, kisha siku ya kurejea, hata kama unaona unajirudia.

Mwandishi huyu ni mhasibu, na kodi ya mishahara hutakiwa kufika TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Hakuitaja kabisa. Tuliuandika upya:

"Yah: Kutokuwapo kazini tarehe 4 hadi 6 Novemba

Ndugu Meneja, ninaumwa na daktari amenipa mapumziko kuanzia leo, Jumanne tarehe 4, hadi Alhamisi tarehe 6, cheti nimekiambatisha. Natarajia kurejea Ijumaa tarehe 7, na mapumziko yakiongezwa nitakujulisha Alhamisi kabla ya saa sita mchana. Kodi ya mishahara ya Oktoba inapaswa kulipwa kabla ya Ijumaa kwisha. Jedwali limekamilika na liko kwenye folda ya Mishahara. Limebaki kuhakikiwa na kuidhinishwa. Naomba mhasibu msaidizi akabidhiwe kazi hiyo kesho. Kazi nyingine zinaweza kunisubiri."

Angeweza kusema ataimalizia mwenyewe Ijumaa, lakini mgonjwa asiwekee ahadi siku ya mwisho ya kodi. Shikamoo ibaki ikiwa ndivyo mnavyosalimiana.

Kanuni yangu ya kutotaja ugonjwa ina mipaka: ukiwa wa kuambukiza, au umeumia kazini, lazima useme. Tena nakiri kwamba baadhi ya vyeti huandikwa jina la ugonjwa waziwazi, hivyo ile siri niliyomshauri mtu aitunze katika barua inamfikia bosi kupitia kiambatisho, nami sijapata dawa ya jambo hilo.